Barua ya Kuomba Kulipwa Kabla ya Siku

Mama mmoja wa Kifaru, anayeuza nafaka kwa jumla kando ya barabara kuu ya kutoka Moshi kwenda Same, aliniletea barua aliyokwisha kuipiga chapa na kuisaini. Alitaka niangalie tahajia tu kabla hajaipeleka kwa mhasibu wa shule ya bweni anayoiuzia mchele na maharage. Tahajia haikuwa na tatizo. Kiasi cha fedha na tarehe nimezibadili kidogo hapa ili asijulikane, lakini maneno ya barua yalikwenda hivi:

"YAH: MALIPO. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima na unyenyekevu mkubwa naomba ofisi yako ituangalie kwa jicho la huruma na kutulipa deni letu haraka iwezekanavyo, kwani hali yetu ya kifedha ni mbaya sana na tunakaribia kushindwa kuendelea na biashara. Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litapokelewa. Wako mtiifu."

Adabu imejaa tele, na barua haifai. Mhasibu akiisoma atajua kwamba mtu anataka hela. Hatajua ni hela ya mzigo upi, ni kiasi gani, inatakiwa lini, wala kama siku yake imefika. Na yale maneno ya karibu na mwisho, kwamba biashara inakaribia kufa, yatamfanya afikirie jambo ambalo yule mama hakutaka kabisa alifikirie: nani mwingine anaweza kutuletea mchele?

Kwa watu wa biashara ya nafaka huku Mwanga na Same, mzigo unaopelekwa leo na kulipwa baadaye huitwa mali kauli. Jina hilo lina maana yake. Mzigo umekwenda kwa kauli ya pande mbili: mnunuzi amesema atalipa siku fulani, na muuzaji amesema atasubiri hadi siku hiyo. Katika habari hii shule ilikuwa haijavunja kauli yake. Mzigo ulipokelewa tarehe 3 Februari, masharti yalikuwa siku 30, na siku ya kulipa ilikuwa tarehe 5 Machi. Barua iliandikwa tarehe 13 Februari. Anayetaka kutoka kwenye kauli yake hapo ni muuzaji.

Kosa kubwa la barua ya kwanza linaanzia hapo. Imeandikwa kama barua ya kudai iliyovishwa kanzu ya ombi. "Deni letu" na "haraka iwezekanavyo" ni maneno ya mtu aliyecheleweshwa. Anayeyasoma akijua kwamba siku bado atajisikia ameonewa, au atafungua jalada, aone tarehe, na kuirudisha barua kwenye trei. Watani wa Wapare husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Utani ni utani, lakini mhasibu wa shule naye alikuwa Mpare, na hapo kwenye tarehe ya masharti angeshinda kesi bila kuuza chochote. Hata kisheria ndivyo ilivyo. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, makubaliano hubadilishwa kwa ridhaa ya pande zote mbili, na mnunuzi asiporidhia hana kosa.

Kwa hiyo barua inayofaa lazima ikiri mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba siku haijafika. Wengi huogopa sentensi hiyo wakidhani inamkumbusha mnunuzi kwamba ana haki ya kukataa. Mhasibu haki yake anaijua tayari. Akiisoma kwako anajua kwamba nawe unaijua, na hapo ndipo anapoanza kukusikiliza.

Kabla ya kuandika sentensi hiyo, hata hivyo, kuna hesabu, na yule mama hakuwa ameifanya. Nilipomuuliza anahitaji shilingi ngapi alijibu, "Zote." Ankara ilikuwa ya Sh 4,950,000: kilo 1,500 za mchele kwa Sh 2,300, na kilo 600 za maharage kwa Sh 2,500. Tukachukua karatasi.

Mzigo uliofuata, wa kiasi kile kile, ulitakiwa shuleni tarehe 24 Februari. Mchele huununua kwenye mashine za Chekereni, kule kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, na wenye mpunga wa Chekereni hawajui habari za siku 30. Unapima, unalipa, unapakia. Kilo 1,500 kwa Sh 2,050 ni Sh 3,075,000 taslimu. Gari la kuleta mzigo na kuufikisha shuleni ni Sh 120,000, nalo hulipwa siku hiyo hiyo. Maharage hayakuwa tatizo, kwa sababu anayemletea kutoka milimani humpa kwa kauli ya wiki mbili. Mkononi alikuwa na Sh 575,000. Jumlisha mchele na gari, toa kilichopo: pengo ni Sh 2,620,000.

Kumbe hakuhitaji zote. Alihitaji kiasi kinachozidi kidogo nusu ya ankara, tukakizungusha hadi Sh 2,700,000. Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoona wauzaji wengi wakiiruka, na ndiyo yenye faida kuliko uchaguzi wowote wa maneno. Ombi la Sh 4,950,000 mhasibu hulipeleka kwa mkuu wa shule, na mkuu huenda akalipeleka bodi. Ombi la sehemu ya ankara mara nyingi linamalizwa na watia saini wawili wa kawaida. Tena anayeomba kiasi kamili cha pengo lake anaonyesha kwamba amekaa na hesabu zake, na ukata wake una mwanzo na mwisho. Anayeomba zote anaonekana kama anayezama.

Aliyesajiliwa kwenye VAT ana pengo jingine la kuingiza hapo, nalo huwashtua wengi. Kodi hiyo ya asilimia 18 haisubiri mteja alipe. Ukishatoa ankara, inaingia kwenye ritani ya mwezi huo, na ritani pamoja na malipo yake hutakiwa TRA ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Muuzaji anayetoa ankara mwanzoni mwa Januari kwa masharti ya siku 60 atailipia kodi tarehe 20 Februari, fedha yenyewe ikiwa bado kwa mteja hadi Machi. Mama wa Kifaru hakuwa kwenye VAT, lakini nimewaona wauzaji wa vifaa vya ujenzi wakikwama tarehe 19 kwa sababu hiyo hiyo, na barua zao zikiishia kulalamika kuhusu "hali ya uchumi" badala ya kutaja kitu hasa.

Baada ya kiasi inakuja tarehe, na tarehe haitokani na karatasi ya muuzaji peke yake. Yule mama alitaka tarehe 18. Nilimwambia apige simu kwanza, asiombe chochote, aulize tu shule hulipa siku gani.

Mhasibu, kijana wa umri wa mwanawe wa pili, aliamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Naomba nikuulize kitu kidogo. Malipo ya wazabuni mnasaini siku gani?"

"Tarehe 10 na tarehe 20, mama. Katikati hapo mkuu huwa hasaini kitu mpaka iwe dharura. Kwani kuna nini?"

"Nitakuletea barua leo. Ni ombi, wala si lawama."

Simu ya dakika mbili ikabadilisha barua nzima. Tarehe 18 ingemlazimu mhasibu kumwomba mkuu asaini nje ya utaratibu, na ombi la muuzaji lingegeuka kuwa ombi la mhasibu kwa bosi wake. Tarehe 20 ilikuwa inaingia yenyewe kwenye rundo la hati za malipo zilizokuwa zikiandaliwa. Kule Chekereni mwenye mashine alikubali kusubiri hadi tarehe 21. Simu hiyo pia ilimpa mhasibu nafasi ya kutoshtuka. Barua ya kuomba fedha inayotua mezani bila neno lolote kabla yake husomwa kwa wasiwasi.

Sababu nayo iandikwe kwa urefu gani? Mimi nasema sentensi moja. Ukweli wa yule mama ulikuwa kwamba nyumba moja ya wageni iliyokuwa na deni lake la Sh 1,800,000 ilishapitisha siku yake kwa wiki tatu. Alitaka kuitaja jina, kwa hasira. Nikamkatalia. Ukimtangaza mteja mmoja kwa mwingine, huyo wa pili hujiuliza na yeye anatajwa wapi. Lakini kuficha kabisa nako ni kubaya, maana mhasibu asipopewa sababu huijaza mwenyewe, na anayoijaza huwa mbaya kuliko ya kweli. "Mteja wetu mwingine amechelewesha malipo tuliyoyategemea mwanzoni mwa mwezi" inatosha. Inasema tatizo ni la muda, limetoka wapi, na kwamba halihusu ubora wa mzigo wala kamari ya mpira. Magonjwa, ada za watoto, misiba na riba za mikopo vibaki nyumbani. Vinaamsha huruma, ila huruma haina kifungu kwenye bajeti ya shule, na mwezi unaofuata hukumbukwa kama udhaifu.

Sababu hiyo ikiunganishwa na kitu anachokitaka mnunuzi, yaani mzigo wa tarehe 24, inapata nguvu. Hapa ndipo penye utelezi. Kati ya "fedha hii itanunua mchele wenu" na "msipotulipa hamtapata mchele" kuna hatua moja fupi, na msomaji anaisikia hata ukiificha. Njia ya kuikwepa ni kujua jibu lako kabla hujaandika: shule ikikataa, utafanyaje? Yule mama alikuwa na njia. Taasisi ya mikopo yenye leseni ingempa Sh 2,620,000 kwa dhamana ya bajaji yake, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo dari iliyowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja hilo. Riba ya mwezi mmoja ingekuwa Sh 91,700, na ada za fomu juu yake. Kwa kuwa alishaulizia mkopo huo, aliweza kuandika kwa haki kwamba mzigo utafika kwa vyovyote. Asingekuwa nao, angelazimika kuandika kwamba mzigo utakuja kwa awamu mbili, na angefanya vizuri kusema hivyo mapema kuliko kuahidi asichokiweza.

Mikopo ya mtaani ile inayoitwa kausha damu tuliihesabu pia, ili tu aone. Kwa asilimia 20 kwa mwezi, pengo lile lingemgharimu Sh 524,000. Faida yote ya mzigo wa kwanza, ukitoa ununuzi wa mchele, ununuzi wa maharage kwa Sh 2,200 na gari, ilikuwa Sh 435,000. Angelisha shule mwezi mzima na kubaki na hasara.

Hesabu hizo ndizo zinazoamua kama utoe punguzo, na kiasi gani. Katika biashara za nje kuna desturi ya zamani ya kuandika kwenye ankara kwamba mnunuzi akilipa ndani ya siku 10 badala ya 30 anapunguziwa asilimia 2. Inaonekana ndogo. Ukiitazama kama bei ya kupata fedha siku 20 mapema, ni sawa na asilimia 3 kwa mwezi, karibu na mkopo wa taasisi. Muuzaji wa nafaka mwenye faida isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya bei yake hawezi kuiiga bila kupima. Tulichagua asilimia 1 ya kile kiasi kinacholipwa mapema tu, yaani Sh 27,000, kwa siku 13 kutoka tarehe 20 Februari hadi 5 Machi. Ni chini kidogo ya asilimia 2.5 kwa mwezi, na ni chini ya theluthi moja ya ile Sh 91,700.

Je, punguzo lina ulazima? Si kila mara. Mteja wa miaka mingi anaweza kuliona kama kumtongoza kwa vijisenti. Lakini mhasibu wa shule ana kazi ya kumweleza mkuu kwa nini amlipe mtu kabla ya siku, na "tunaokoa Sh 27,000" ni sentensi ambayo mkuu yeyote anaielewa, hasa Februari, wakati ada za Januari bado zimelala benki bila kuzaa kitu. Mwezi wa tano ada zikiwa zimekwisha, punguzo hilo hilo lisingemsogeza mtu. Andika punguzo kwa shilingi pamoja na asilimia, na useme ni asilimia ya nini. Sababu ya kusisitiza hilo itaonekana mbele.

Barua iliyokwenda ilikuwa hii:

"YAH: OMBI LA KULIPWA SEHEMU YA ANKARA NA. 047 KABLA YA TAREHE YAKE: SH 2,700,000 IFIKAPO 20 FEBRUARI

Ankara hii ni ya mchele na maharage mliyopokea tarehe 3 Februari, jumla Sh 4,950,000. Kwa makubaliano yetu inalipwa tarehe 5 Machi, na siku hiyo bado haijafika.

Naomba, kama shule inaweza, mtulipe Sh 2,700,000 ya ankara hiyo katika malipo yenu ya tarehe 20 Februari. Mteja wetu mwingine amechelewesha malipo tuliyoyategemea mwanzoni mwa mwezi, nasi tunahitaji fedha taslimu ya kununulia mchele wa mzigo wenu wa tarehe 24. Mkiweza, tutapunguza asilimia 1 ya kiasi hicho cha Sh 2,700,000, yaani Sh 27,000, hivyo mtalipa Sh 2,673,000. Salio la Sh 2,250,000 litabaki kulipwa tarehe 5 Machi kama kawaida.

Ombi hili ni la mara hii tu. Lisipowezekana, masharti yetu yanabaki yalivyo na mzigo wa tarehe 24 utafika. Nitashukuru kupata jibu ifikapo tarehe 16 ili nijipange.

Nimeambatisha nakala za LPO, hati ya kupokelea mzigo, ankara na risiti ya EFD. Akaunti ya benki ni ile ile iliyo kwenye ankara. Kwa uhakika zaidi nipigie kwa namba mliyo nayo siku zote."

Haina "jicho la huruma" wala "ofisi yako tukufu", na sidhani kuna atakayesema imekosa heshima. Heshima iko kwenye "kama shule inaweza", kwenye kukiri tarehe, na zaidi kwenye ule mlango wa kutokea: lisipowezekana, masharti yanabaki yalivyo. Nimewahi kubishana na wauzaji kuhusu sentensi hiyo. Wanaona ni kujifunga goli. Mimi nimeona kinyume chake. Mtu asiyepewa njia ya kusema hapana kwa amani hasemi hapana, ananyamaza, na kwa mwenye ukata kimya cha siku sita ni kibaya kuliko hapana ya siku ya pili. Ndiyo maana tarehe ya kujibu imewekwa, nayo ni siku nne kabla ya malipo, ili mkopo wa taasisi uwe bado unawezekana.

Maneno "husika na kichwa cha habari hapo juu" tuliyatoa kwa sababu kichwa chenyewe sasa kinasema kila kitu. Mkuu wa shule anayesoma kichwa tu, akiwa amesimama mlangoni, ameshapata namba ya ankara, kiasi na siku. "Wako mtiifu" nayo ikaondoka. Muuzaji si mtumishi wa shule, na jina lake chini ya barua linatosha.

Viambatisho vinaonekana kama urasimu, na vimewahi kuokoa maombi mengi. Hati ya malipo haiandikwi bila LPO, ushahidi wa kupokea mzigo na ankara, na mara nyingi mhasibu hatasogea bila risiti ya EFD. Karatasi moja ikikosekana tarehe 18, ombi zuri kuliko yote litakosa rundo la tarehe 20 na kusubiri la tarehe 10 Machi, siku tano baada ya tarehe halali. Nakala zote nne zilikuwa tayari kwenye jalada la shule. Kuziambatisha tena kulimpunguzia mhasibu nusu saa ya kuzitafuta.

Ile sentensi ya akaunti nayo si ya mapambo. Barua pepe inayodai kutoka kwa muuzaji, inayoomba malipo ya haraka kabla ya siku, na kwa bahati akaunti imebadilika: huo ndio mtego wa matapeli unaojulikana dunia nzima, na wahasibu wameonywa juu yake. Ombi halali la kulipwa mapema linafanana sana na huo mtego. Anayeandika aondoe shaka mwenyewe, na kama kweli amebadili benki, alimalize hilo ana kwa ana siku nyingine, mbali na ombi la fedha.

Barua kama hii ina mahali inapokoma. Kwa shule ya serikali, hospitali ya wilaya au halmashauri, mhasibu hana uhuru wa kukubaliana nawe. Fedha huingia kwa mafungu, malipo hupita kwenye mifumo kama MUSE na FFARS, na punguzo la Sh 27,000 halimnufaishi yeyote aliye mezani. Huko ombi lenye maana si "nilipeni mapema" bali "nithibitishieni kwamba karatasi zangu zimekamilika na zimeingizwa", kwa sababu mara nyingi kinachorefusha siku ni hati iliyokwama. Na anayeiuzia serikali bidhaa akumbuke kutoa asilimia 2 ya kodi ya zuio anapopiga hesabu ya pengo lake, la sivyo atapungukiwa dakika ya mwisho.

Kwa mnunuzi binafsi anayesema hana fedha leo lakini hakatai deni, kuna ombi la kati ambalo halitumiki vya kutosha: mwombe barua fupi ya kuthibitisha ankara, kiasi na tarehe ya malipo. Barua hiyo huipeleki mezani kwa mkopeshaji kama ombi la huruma, unaipeleka kama ushahidi kwamba fedha inakuja. Benki zinazokopesha kwa ankara na LPO huitaka kwa namna moja au nyingine.

Jibu la mnunuzi lenyewe nalo ni habari. Mwaka 2015 kampuni ya supamaketi ya Uchumi ya Kenya ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda, na Januari 2018 mwenzake Nakumatt, iliyokuwa na duka hata Moshi, ikawekwa chini ya msimamizi, wauzaji wakiwa wanaidai mabilioni ya shilingi za Kenya. Mnunuzi anayekataa ombi dogo la mapema lenye punguzo, kisha akashindwa pia kulipa siku halali, amekuambia kitu kuhusu hali yake. Usimpelekee mzigo mwingine mkubwa kabla hujakisikia.

Na muuzaji anayejikuta anaandika barua hii mara ya pili ndani ya miezi michache hana tena tatizo la barua. Ana masharti yasiyolingana na ununuzi wake: ananunua taslimu, anauza kwa siku 30, na kila mzigo unakula mtaji kabla uliotangulia haujarudi. Neno "mara hii tu" likiandikwa mara mbili linageuka uongo. Hapo kinachotakiwa ni kikao cha kupanga masharti mapya, na kikao hicho hakifanywi siku mfuko umekauka.

Mhasibu alijibu tarehe 16, mstari mmoja kwenye simu: mkuu amekubali. Tarehe 20 fedha iliingia, lakini ilikuwa Sh 2,650,500. Karani alikuwa ametoa asilimia 1 ya ankara nzima, Sh 49,500, badala ya Sh 27,000. Yule mama alikuwa ameshashika simu, sauti imepanda. Nikamwambia pengo lake ni Sh 2,620,000, kwa hiyo mchele unanunulika. Aende Chekereni kwanza, simu atapiga akirudi. Aliporudi alimsomea mhasibu sentensi moja ya barua yake mwenyewe, ile yenye asilimia, kiasi na shilingi zake. Kijana akacheka, akaomba radhi. Tarehe 5 Machi shule ililipa Sh 2,272,500, na ankara namba 047 ikafungwa.

Mwezi wa nne, shule ikiwa imekwisha kupokea mizigo miwili mingine bila tatizo, alikwenda ofisini kwa miguu yake na kuomba masharti mapya: bei ya mchele ilipwe mzigo unapopokelewa, maharage yabaki siku 30. Mhasibu alimwuliza ni kwa nini agawe hivyo. Akatoa ile karatasi ya hesabu, imekunjwa mara nne, akaifungua mezani.